Mashine ya sukari nimenunua mara moja, stripu nanunua kila siku: gharama zangu za kisukari kwa mwezi

Nina kisukari cha aina ya pili na nachoma insulini asubuhi na jioni. Naishi Mbagala, kliniki yangu iko Temeke. Watu wanaojua kwamba napima nyumbani huniuliza mashine inauzwaje, na kila mara nawajibu kwamba hilo siyo swali la kwanza. Uliza kwanza stripu zake, vile vipande vinavyopokea tone la damu, zinauzwaje, zinapatikana wapi, na boksi moja litakufikisha wapi.

Mashine ninayotumia niliinunua kwa 45,000. Ilikuja na kipochi, kalamu ya kutobolea kidole, visindano vichache na stripu 10. Boksi la stripu 50 nalinunua 35,000, kwa hiyo kila stripu ni 700. Ukipima mara mbili kwa siku, mwezi unamaliza stripu 60, sawa na 42,000. Ndani ya miezi miwili stripu zimeshaipita bei ya mashine kwa mbali, na bado una miaka ya kuendelea kununua.

Kila mashine ina stripu zake. Za kampuni nyingine haziingii, au zikiingia hazisomi. Kabla ya hii nilikuwa na nyingine, zawadi ya mwanangu, nzuri na yenye kioo kikubwa. Baada ya muda stripu zake zikaadimika Mbagala yote, nikawa nazifuata Kariakoo, na huko nazo zikawa zinapatikana mwezi huu, mwezi ujao hakuna. Mashine ikabaki kabatini ikiwa nzima kabisa. Ndiyo maana ya sasa niliichagua kwa kuzunguka kwanza famasi za mtaani kwangu nikiuliza stripu gani hazikosekani, halafu nikanunua mashine inayozitumia.

Kuhusu usahihi, nimeridhika nayo. Naipima hivi: siku ya kliniki, kabla sijala, natoboa kidole wakati uleule ninaotolewa damu ya maabara, halafu nalinganisha. Lazima iwe kabla ya kula, kwa sababu baada ya kula sukari ya damu ya kidole huwa juu kuliko ya mshipa, na tofauti hiyo haina maana kwamba mashine ni mbovu. Majibu hayawi sawasawa, wala hayatakiwi kuwa sawasawa. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini pale sukari inapofika milimoli 5.6 kwa lita na kuendelea. Maana yake, damu ambayo maabara inasema ni 10, mashine ikisoma 8.5 au 11.5 bado haijakosea. Hili limeniokolea pesa nyingi. Watu wengi wakiona 9.6 wanashtuka, wanatoboa tena, inakuja 8.9, wanatoboa mara ya tatu kutafuta ipi ya kweli. Hapo 2,100 imekwenda kwa jibu moja, na zote tatu zilikuwa zinasema kitu kilekile.

Stripu nyingine zinapotea kwa damu kidogo. Ukiigusisha tone dogo, mashine inaandika kosa, na stripu hiyo hairudi tena kazini. Kinachonisaidia ni kunawa mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kuning'iniza mkono chini kidogo, halafu kutoboa ubavuni mwa kidole badala ya katikati ya ncha. Kunawa kuna faida nyingine kubwa zaidi: ukiwa umemenya embe au umekoroga chai ya sukari, kidole kinaweza kukupa namba ya kutisha ambayo haimo mwilini mwako.

Mpango wa kupima niliupata kwa sista wa kliniki. Nilimweleza kwamba stripu zinanishinda. Akaniuliza napima lini, nikamwambia kila asubuhi na kila jioni. Akafungua daftari langu, akasoma, akaniambia, "Mama, insulini yako ni ya mchanganyiko, ile 30/70. Namba ya asubuhi kabla ya chai inatuonyesha kama dozi ya jioni inatosha. Namba ya kabla ya chakula cha jioni inatuonyesha dozi ya asubuhi. Sukari yako imetulia. Nipimie siku tatu kwa wiki, lakini siku hiyo nipe zote mbili." Nikamwuliza, na nikijisikia vibaya siku ambayo siyo ya kupima? Akasema hapo nisisubiri siku wala saa, nipime papo hapo.

Sasa natumia stripu kama 30 kwa mwezi: 26 hivi za ratiba, zilizobaki ni za dharura. Kwa pesa ni 21,000 badala ya 42,000. Zile za dharura sizigusi kwa sababu nyingine yoyote. Nikianza kutetemeka, jasho jembamba na moyo kwenda mbio, napima. Ikiwa chini ya 4 nakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nakunywa, nasubiri dakika 15, napima tena. Tukio moja ni stripu mbili, na stripu hizo zina thamani kuliko zote za mwezi. Kama dalili ni kali na mashine iko mbali, kunywa sukari kwanza.

Hesabu yangu nzima ya mwezi ndiyo hii. Insulini natumia yuniti 34 kwa siku. Kichupa kina yuniti 1,000, kwa hiyo kinanifikisha siku 29, na bei yake kwangu ni 18,000. Hapa kuna jambo la kujua: kichupa cha insulini yangu kikishafunguliwa nimeelekezwa nikitumie kwa wiki nne hivi, halafu nifungue kingine. Mwenzangu mmoja anachoma yuniti 20 tu kwa siku, lakini gharama yake ni ileile, maana karibu nusu ya kichupa anaitupa. Dozi kupungua hakupunguzi bei. Sindano 60 kwa 200 ni 12,000. Metformini ya miligramu 500, vidonge vinne kwa siku, ni 6,000. Visindano vya kidole 2,000. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi, nalipa 24,000, na kwa kuwa nakifanya kila baada ya miezi mitatu nakitengea 8,000 kila mwezi ili kisije kikanikuta mikono mitupu. Hapo umefika 46,000. Ongeza stripu 21,000 na siku ya kliniki 13,000, jumla ni 80,000. Bei za famasi zinapishana, lakini ukiangalia mpangilio utaona stripu ndizo kubwa kuliko hata insulini yenyewe, hata baada ya kuzipunguza kwa nusu.

Siku ya kliniki watu huihesabu kama nauli tu. Nauli yangu, bodaboda mpaka kituoni na daladala, kwenda na kurudi, ni 3,200. Kumwona daktari 5,000, kipimo cha asubuhi 3,000. Kinachobaki ni chakula, na chakula hicho siyo anasa. Tunaambiwa twende bila kula, na asiyekula hachomi insulini yake ya asubuhi mpaka chakula kiwe tayari. Foleni ikiwa ndefu, unatolewa damu saa nne. Mimi nabeba insulini yangu, sindano na chapati na chai kwenye chupa, nikitoka tu maabara nachoma na kula. Anayetegemea kununua pale nje atatumia zaidi, na mara nyingi atakuta maandazi na soda. Isitoshe genge langu siku hiyo halifunguliwi, na hasara hiyo siiweki kwenye 80,000 kwa sababu inabadilika kila mara. Nilipoona sukari imetulia nilimwomba daktari aniandikie vidonge vya miezi miwili. Alikubali kwa vidonge. Insulini alisema bado nifuate kila mwezi.

Sasa nirudi kwenye stripu, maana nyingi zinaharibikia nyumbani na katika kununua. Zangu zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko kinachokaza, na ndani ya kopo kuna dawa ya kunyonya unyevu. Kopo likishafunguliwa, zina miezi mitatu, hata kama tarehe ya boksi ni ya mwaka ujao. Kampuni nyingine zinatoa miezi sita, soma ubavuni mwa kopo. Naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu hapohapo. Siziweki jikoni, siziachi kwenye gari, na sizihamishii kwenye kimfuko. Joto la pwani na unyevu wake vinazimaliza kimyakimya: mashine itaendelea kutoa namba, ila namba zisizo za kweli. Kwa sababu hiyo sinunui stripu za kuhesabiwa mkononi, zile zinazofungwa kwenye karatasi, tano kwa bei ya chini. Najua kwa nini watu wanazinunua, 35,000 kwa mkupuo siyo pesa ndogo. Lakini uliza kama kuna boksi la stripu 25, au mnunue boksi mpya wawili wenye mashine za aina moja, na kopo likae kwa mmoja, mwingine aje apimie hapo kwa mashine yake na kisindano chake. Kisindano hakiazimwi kamwe.

Kuna jambo la mwisho kwa ndugu ambao wanatumia metformini peke yake, bila insulini na bila glibenklamaidi, kidonge kingine cha kisukari kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi. Kaka yangu yuko hivyo, na alitaka kununua mashine kama yangu. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka ikawa hatari, na kupima kila siku hakubadilishi kidonge atakachomeza jioni. Sista yuleyule alimshauri pesa hiyo aiweke kwenye kipimo cha miezi mitatu, apime kidole pale tu anapougua au dawa inapobadilishwa. Alimwuliza pia kama ana upungufu wa damu, selimundu, au kama aliongezewa damu karibuni, kwa sababu hali hizo zinaweza kupotosha kipimo hicho. Hana. Kaka hakununua mashine, na 24,000 zake anazilipa maabara kila baada ya miezi mitatu. Wewe mwenye insulini au glibenklamaidi usiige hilo. Nunua mashine, na kabla ya kutoa pesa mwombe muuza famasi akuonyeshe boksi la stripu zake likiwa rafuni.