Uzoefu wangu wa Google Sheets na Forms kwa ratiba na matokeo ya ligi ya wilaya

Ninayoandika hapa yanahusu ligi ya timu 12, nyumbani na ugenini, yaani raundi 22 na mechi 132, inayoendeshwa na katibu mmoja na watu wa kujitolea wanaotuma matokeo kwa simu kutoka viwanjani. Kwa kazi hiyo Google Sheets inatosha, na hailipiwi. Lakini inatosha kwa sharti moja: wanaotuma matokeo wasiguse jedwali lenyewe. Ligi nyingi huanza kwa kumpa kila mtu ruhusa ya kuhariri, na baada ya raundi chache msimamo unakuwa wa kubishaniwa.

Kinachoharibika mapema ni matokeo yenyewe. Ukiandika 2-1 kwenye kisanduku kimoja, Sheets inadhani umeandika tarehe na inaigeuza kuwa ya Januari au Februari, kulingana na nchi iliyowekwa kwenye mipangilio. Mabao ya wenyeji na ya wageni yakae kwenye safu mbili tofauti, basi. Kwenye simu pia ni rahisi mtu kupanga upya safu akitafuta mechi yake, na mpangilio huo unabaki hivyo kwa kila anayefungua faili. Jina la timu likiandikwa na nafasi mwishoni, fomula inaiona kama timu nyingine na pointi zake hazionekani popote. Na aliyeandika akiwa hana mtandao, maandishi yake yanaingia mtandao ukirudi na yanaweza kufunika matokeo mapya yaliyowekwa na mwenzake.

Jingine ni letu wenyewe, nalo ni saa. Mtu wa kujitolea akiambiwa mechi ni saa kumi jioni ataandika 10:00, na jedwali litaelewa saa nne asubuhi. Mechi ya saa nane mchana, iliyoandikwa 8:00, inajipanga kabla ya kila kitu, halafu mtu mwingine aliyezoea saa ya simu anaandika 16:00 kwenye safu ileile. Nashauri safu ya saa iwe orodha ya kuchagua yenye maneno kamili, kama "Saa 8:00 mchana" na "Saa 10:00 jioni", na pembeni iwepo safu iliyofichwa yenye 14:00 na 16:00 kwa ajili ya kupanga tu. Orodha hiyo inatengenezwa kwenye Data, kisha Data validation, na ni muhimu uchague Reject the input. Ukiacha onyo peke yake, watu watalipita. Majina ya timu yawekewe orodha kwa njia hiyohiyo. Kisha fungua File, Settings, weka Locale iwe United Kingdom ili siku itangulie mwezi, na Time zone iwe ya Nairobi au Dar es Salaam. Bila hivyo TODAY() itabadilisha siku kwa saa za nchi nyingine, na ratiba ya leo inaweza kuchelewa kuonekana au kupotea kabla mpira haujaisha.

Sasa njia ya kutuma matokeo. Kila mechi ina namba yake, M001 hadi M132. Mtu wa uwanjani anapata fomu ya Google Forms yenye maswali manne: mechi, dakika, mabao ya wenyeji, mabao ya wageni. Usimpe kazi ya kuchagua mechi kwenye orodha ya 132. Fungua menyu ya fomu, chagua Pre-fill form au Get pre-filled link, kulingana na unachokiona, jaza namba ya mechi peke yake, kisha nakili kiungo na umtumie kwa WhatsApp. Akikifungua anakuta M043 imeshajazwa. Kwenye swali la dakika weka Response validation ikubali namba kati ya 0 na 90 tu, maana wapo wanaoandika 45+2, na hayo kwa jedwali ni maneno, si namba. Dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza ziandikwe 45, za kipindi cha pili 90.

Angalia kwamba fomu hiyo haiulizi "nani amefunga". Inauliza matokeo yakoje sasa. Huu ndio uamuzi unaookoa kazi yote. Ukikusanya bao mojamoja na kuyahesabu, watu wawili wakiripoti bao lilelile unapata mabao mawili, na aliyebonyeza kutuma mara mbili kwa sababu ya mtandao anaongeza la tatu. Ukikusanya hali ya mechi, ripoti tano zinazosema 1-0 zinabaki kuwa 1-0. Wafungaji wasubiri ripoti ya kamisaa.

Majibu ya fomu yanaingia kwenye ukurasa ambao mimi nauita Ripoti. Safu A ni Timestamp inayojiandika yenyewe, B mechi, C dakika, D na E mabao. Safu F naiacha wazi kwa katibu kuweka x akitaka kufuta ripoti. Kwenye ukurasa wa Mechi, ambao safu yake A ni namba ya mechi, mabao ya wenyeji wakati mchezo unaendelea yanatoka hapa:

```
=IFERROR(INDEX(SORT(FILTER(Ripoti!$A:$E,Ripoti!$B:$B=A2,Ripoti!$F:$F=""),3,FALSE,1,FALSE),1,4),"")
```

Fomula inachukua ripoti za mechi hiyo ambazo hazijafutwa, inazipanga kwa dakika kubwa kwanza, na dakika zikilingana inatanguliza iliyofika mwisho. Kwa mabao ya wageni badilisha 4 ya mwishoni iwe 5. Nimetumia safu nzima, $A:$E, badala ya kuanzia mstari wa pili, kwa sababu fomu huingiza mistari mipya na inaweza kusukuma mwanzo wa masafa yako bila wewe kujua.

Kwa nini dakika, na si muda wa kufika? Chukua M043 iliyoanza saa 10:00 jioni. Dakika ya 31 wenyeji wanafunga, ripoti inaingia 1-0. Dakika ya 44 wageni wanasawazisha. Ripota wa kwanza anajaza fomu, anabonyeza, mtandao haupo, na fomu haina namna ya kujituma yenyewe baadaye. Dakika ya 58, kama saa 11:13, ripota wa pili upande wa pili wa uwanja anatuma 2-1. Saa 11:20 simu ya wa kwanza inashika mtandao, naye anatuma ile fomu yake ya dakika ya 44: 1-1. Jedwali linalofuata muda wa kufika lingerudisha matokeo nyuma na kuwafanya mashabiki waamini wageni wamesawazisha. Linalofuata dakika linabaki 2-1. Dakika ya 71 wenyeji wanafunga tena, ripoti inakwenda 3-1, lakini kibendera kilikuwa juu na mwamuzi anakataa. Ripota anatuma upya dakika ileile ya 71 na 2-1, na kwa kuwa imefika baadaye ndiyo inayoshika.

Udhaifu wa mpango huu ni dakika iliyokosewa. Aliyeandika 88 badala ya 58 amefunga mlango kwa nusu saa, maana ripoti zote za kati zitapuuzwa. Dalili yake ni kwamba ripoti zinaingia lakini matokeo hayasogei. Katibu afungue Ripoti, alinganishe Timestamp na dakika, na aweke x kwenye ule mstari. Inachukua sekunde chache, ila lazima awepo mtu anayeangalia wakati mechi zinachezwa. Siku yenye mechi sita, mtu huyo hawezi kuwa ripota pia.

Msimamo ni habari nyingine, na mimi siuruhusu usome ripoti za uwanjani hata kidogo. Ukurasa wa Mechi una F na G kwa matokeo yanayoendelea, halafu H na I kwa matokeo rasmi, ambayo katibu anayaandika kwa mkono baada ya kupata ripoti ya mwamuzi au kamisaa. Safu hizo zinafungwa kwa Protect range. Msimamo unasoma H na I tu. Timu isipotokea uwanjani na kamati ikaamua ushindi wa mezani wa mabao 3-0, katibu anaandika 3 na 0 hapo bila kugusa chochote kingine.

Fomula ya msimamo ina mtego mmoja. Hii inahesabu sare za nyumbani za timu iliyo kwenye A2 ya msimamo, na safu D ya Mechi ni timu ya wenyeji:

```
=SUMPRODUCT((Mechi!$D$2:$D$133=A2)*ISNUMBER(Mechi!$H$2:$H$133)*(Mechi!$H$2:$H$133=Mechi!$I$2:$I$133))
```

Ondoa ISNUMBER uone: mechi zote ambazo hazijachezwa zinahesabika kuwa sare, kwa sababu visanduku viwili vitupu ni sawasawa. Ukikuta timu iliyocheza raundi mbili ina pointi kumi na kitu mwanzoni mwa msimu, tafuta hapo kwanza.

Kuchapisha ni File, Share, Publish to web. Orodha ya kwanza huwa imewekwa Entire document. Ibadilishe uchague ukurasa mmoja wa wasomaji, ambao una mechi za leo na msimamo tu. Na hata ukichagua vizuri, namba za simu za marefa na maripota ziwe kwenye faili nyingine kabisa, kwa kuwa siku mtu akibonyeza ruhusa ya "yeyote mwenye kiungo", kurasa zote zinasomeka, na ukurasa uliofichwa si ukurasa uliolindwa. Ukurasa wa wasomaji usizidi safu tano. Ya sita inamlazimu mwenye simu kuvuta pembeni, na safu inayopotea machoni huwa ni ya pointi.

Watu watayaita matokeo haya mubashara, lakini hapa ndipo neno hilo linapopungua uzito. Ukurasa uliochapishwa hausasishwi papo hapo. Unachelewa kama dakika 5, hata msomaji akiupakia upya mara ngapi. Kwa hiyo kundi la WhatsApp litajua bao kabla ya jedwali lako, na hilo halirekebishiki kwa fomula. Andika juu ya ukurasa kwamba matokeo huchelewa dakika chache, na uongeze safu ya "dakika ya ripoti ya mwisho", inayotoka kwenye fomula ileile ukiweka 3 badala ya 4. Msomaji akiona 2-1 (58') anaelewa anachosoma. Akiona 2-1 tupu, atakupigia simu.

Kwa daraja la wilaya ningeichagua tena bila kusita. Kwa mashindano ya mtoano yenye penalti na muda wa ziada fomu hii haitoshi kama ilivyo: kikomo cha dakika kiende 120, na penalti zipate safu zake mbili, la sivyo mtu ataandika 5-4 kwenye mchezo ulioisha 1-1.