GIMP: kisanduku kimoja kilichoniokolea bango la tovuti

Jamani, karibuni tena. Leo ni GIMP, programu ya kuhariri picha. Kuipakua na kufungua picha mnajua, naruka. Nataka muone kisanduku kimoja tu cha zana ya kukatia picha, Allow growing, kinachoruhusu fremu ya kukata itoke nje ya picha, maana wiki hii kimeniokolea kazi ya mteja.

Tazameni hapa. Dada fundi cherehani amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, nyuma yake ukuta wa krimu. Picha ya simu, ya wima, pikseli 3000 kwa 4000. Tovuti yake inataka bango la 1800 kwa 600, upana mara 3 ya kimo. Nabonyeza Shift+C kuchukua Crop, zana ya kukatia, nawasha Fixed, nachagua Aspect ratio, naandika 3:1, navuta upana wote. Mnaona? Kimo kinachobaki ni 1000, robo ya picha! Nikibakiza uso, gauni linaishia kifuani. Nikibakiza gauni, kichwa hakipo. Na biashara yake ni gauni hilo hilo.

Sasa angalieni. Nachukua kwanza rangi ya ukuta kwa Color Picker, karibu na ukingo wa kushoto, naiweka iwe rangi ya nyuma. Narudi kwenye Crop, nawasha Delete cropped pixels na Allow growing, na kwenye Fill with nachagua Background color. Napunguza ukubwa wa mwonekano ili nipate nafasi kando ya picha. Naanzia ukingo wa kulia, juu kidogo ya kichwa, navuta kwenda kushoto mpaka nje ya picha kabisa, hadi nifike 6300 kwa 2100. Enter. Jamani! Dada yuko kulia, kichwa mpaka magotini, na kushoto kuna ukuta mtupu wa kuandikia jina la duka.

Ila msishangilie bado. Weka mwonekano asilimia 100, uangalie pale picha ilipoungana na rangi. Mnauona mstari? Ukuta halisi una kivuli, rangi yangu haina. Nachukua Gradient, zana ya kufifisha rangi taratibu, nachagua FG to Transparent, rangi ya mbele iwe krimu ile ile, naanzia kwenye mstari navuta kuingia ndani ya picha kama pikseli 400. Komeni kabla ya kiwiko, la sivyo mkono utapauka. Halafu Scale Image, 1800 kwa 600.

Bei? Bure. Zile programu za simu za kulipia kila mwezi nilishaachana nazo. Photopea nayo ni nzuri, inafunguka kwenye kivinjari, lakini matangazo yake yananibania nafasi ya kazi.

Mmoja wenu aliniuliza kuhusu picha yenye miti nyuma. Hapo rangi moja haifai, kiraka kitaonekana wazi. Hiyo ndiyo video ya wiki ijayo. Kama una picha ya namna hiyo, niandikie vipimo vyake hapo chini.