Skrini ndogo ya mwenendo wa mauzo dukani: ipi ununue kwanza

Muuzaji wa duka la vyakula pale Ngamiani anapima sukari huku anahesabu chenji, na mteja wa tatu ameshaanza kugonga kaunta. Hana muda wa kusoma jedwali. Anaweza kutupa jicho mara moja tu, na mara hiyo moja imwambie kama biashara inapanda, imesimama au inashuka. Tumezipanga skrini zilizo hapa chini kwa kipimo hicho, tukizingatia maduka ya rejareja ya Tanga mjini: umeme unaokatika, chumvi ya bahari hewani na jua linalopiga mlangoni.

Pima umbali kwanza

Chukua futikamba upime kutoka jicho la anayekaa kaunta hadi mahali skrini itakapokaa. Gawanya umbali huo kwa 200, nawe utapata kimo kidogo kabisa cha tarakimu inayosomeka bila kukaza macho. Mita 1 inataka tarakimu za milimita 5, na mita 2 zinataka milimita 10. Hapo hapo utaona skrini nyingi zinaanguka zenyewe. Ile ndogo ya OLED ya inchi 0.96 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme ina kimo cha milimita 11 hivi juu hadi chini. Ukiiweka mita 2 mbali, namba moja inaijaza yote na chati haina pa kukaa.

Kinachotakiwa kuonekana

Kosa la kawaida ni kuchora mauzo ya kila siku kama nguzo 28 na kuishia hapo. Tuchukue duka ambalo wiki ya kwanza ya mwezi liliuza hivi, kwa maelfu ya shilingi, kuanzia Jumatatu: 280, 270, 290, 300, 220, 410, 330. Jumla ni 2,100, yaani wastani wa 300 kwa siku. Wiki ya nne likauza 250, 240, 260, 270, 190, 400, 350. Jumla ni 1,960, wastani 280.

Kwenye nguzo za kila siku, jicho linavutwa na Ijumaa iliyozama na Jumamosi iliyoruka. Kutoka 190 hadi 400, mtu anadhani mambo yamenyooka. Lakini Ijumaa hushuka kila wiki kwa sababu duka hufungwa wakati wa swala, na Jumamosi hupanda kila wiki. Habari yenyewe ni kwamba duka limepoteza shilingi 20,000 kwa siku ndani ya wiki tatu, na habari hiyo imefichwa na mawimbi ya wiki. Dawa yake ni wastani wa siku saba. Kila nukta ya mstari ni wastani wa siku saba zilizoishia hapo, kwa hiyo kila nukta ina Ijumaa moja na Jumamosi moja ndani yake.

Sasa angalia skrini inalifanyia nini pengo hilo la 20,000. Nguzo lazima zianzie sifuri, la sivyo urefu wake unadanganya. Tuseme kipimo ni 0 hadi 450,000. Kwenye skrini yenye nafasi ya pikseli 180 kwenda juu, 20,000 ni pikseli 8, nazo zinaonekana. Kwenye OLED yenye nafasi ya pikseli 48 ni pikseli 2, na hakuna atakayeziona. Mstari wa wastani una uhuru kidogo: unaweza kuanzia 200,000 hadi 400,000, mradi namba hizo mbili ziandikwe pembeni na zisibadilike. Programu ikiachwa ijipangie kipimo yenyewe, wiki iliyotulia itachorwa kama milima ya Usambara na mwenye duka atashtuka bure.

Siku ya leo isiingie kwenye mstari. Saa nne asubuhi mauzo ya leo bado ni madogo, kwa hiyo chati itaonyesha anguko kila asubuhi na kupona kila jioni, hadi watu wazoee kulipuuza hata anguko la kweli.

1. Simu ya Android iliyotumika, inchi 6 au zaidi

Kwa maduka mengi jibu ni hili. Ikilazwa ina upana wa sentimita 13 hivi, inabeba mstari wa siku 28 na namba mbili za milimita 15 zinazosomeka mita 3. Umeme ukikatika, betri yake inaendelea. Na haihitaji fundi.

Fungua Google Sheets, karatasi ya kwanza uiite `Mauzo`: safu A tarehe, safu B mauzo ya siku. Mwenye mashine ya EFD anachukua jumla kwenye ripoti ya Z ya kufungia siku, asiye nayo anachukua kwenye daftari. Kwenye C8 andika `=AVERAGE(B2:B8)` kisha ivute kwenda chini hadi siku ya mwisho iliyojazwa. Karatasi ya pili ndiyo ya kuonyesha. Namba kubwa ya juu ni wastani wa siku saba zilizopita bila leo, na ya pili ni ya siku saba zilizotangulia hizo:

```
=AVERAGE(FILTER(Mauzo!B2:B,Mauzo!A2:A>TODAY()-8,Mauzo!A2:A<TODAY()))
=AVERAGE(FILTER(Mauzo!B2:B,Mauzo!A2:A>TODAY()-15,Mauzo!A2:A<TODAY()-7))
```

Siku ambayo duka lilifungwa kwa msiba au safari, acha kisanduku kitupu, usiandike 0. `AVERAGE` huruka kitupu lakini huhesabu sifuri, na sifuri moja inauburuza mstari chini kwa siku saba nzima. Chati yenyewe itengeneze kwenye kompyuta, uende `Customize`, kisha `Vertical axis`, ujaze `Min` na `Max` kwa mkono.

Ili skrini isizime, nenda `Settings`, `About phone`, gusa `Build number` mara saba, kisha ndani ya `Developer options` washa `Stay awake`. Skrini itabaki inawaka muda wote simu ikiwa kwenye chaji.

Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Betri inayokaa kwenye chaji usiku na mchana, tena kwenye joto la Tanga, huvimba. Dalili ya kwanza ni mfuniko wa nyuma kuinuka au ukingo wa kioo kuachia mwanga. Ukiona hivyo, chomoa siku hiyo hiyo, usiibonyeze wala kuitoboa. Kuzuia ni rahisi: itoe kwenye kava, iweke mbali na jua, ichomoe duka likifungwa, na kama simu ina mpangilio wa kuishia asilimia 80 au 85, uwashe.

Wakati wa kununua, fungua picha nyeupe tupu kwa mwanga wote. Ukiona kivuli cha vitufe au maandishi ya zamani, kioo kimeungua, na picha isiyobadilika itakiunguza zaidi. Kwa kazi hii tafuta kioo cha LCD badala ya cha OLED. Tikisa waya kwenye tundu la chaji, maana tundu lililolegea likishaingia chumvi huota ukijani na kuacha kushika. Mwisho, ifungue hiyo Google Sheets hapo hapo dukani kwa muuzaji. Simu ya zamani mno haitaipakua.

2. Ubao wa ESP32 wenye skrini ya inchi 2.8

Ni ubao mdogo wa kielektroniki unaoandikiwa programu, wenye waifai ndani yake. Huuzwa kwa jina la `ESP32-2432S028R`, rangi ya manjano. Skrini ina pikseli 320 kwa 240, kila moja milimita 0.18, kwa hiyo tarakimu ya kusomeka mita 1 inataka pikseli 28 tu na chati inabaki na nafasi nzuri. Nguzo 28 zenye pikseli 9 na pengo la 2 zinatumia 308. Hauna betri ya kuvimba wala mtu wa kuutamani. Ununue tu kama una kijana anayejua kuandika programu, na kaunta yako haizidi mita moja na nusu.

Matatizo yake yanajulikana. Ubao haushiki waifai ya 5 GHz, kwa hiyo ukiona hauioni hotspoti ya simu, ibadilishe iwe 2.4 GHz. Zile zenye matundu mawili ya USB mara nyingi huonyesha rangi kinyume, nyeupe kuwa nyeusi, na `tft.invertDisplay(true)` hurekebisha. Na kama data inatoka Google Apps Script, ombi la kwanza hurudi na 302 kwa sababu Google huelekeza kwenye anwani nyingine. Skrini inabaki tupu ingawa mtandao upo. Mstari wa kwanza hapa ndio unaofungua njia:

```
http.setFollowRedirects(HTTPC_STRICT_FOLLOW_REDIRECTS);
http.begin(url);
int code = http.GET();
```

Kabla ya kupigilia misumari, utazame ubao kutoka kule utakakokaa. Kioo chake hufifia ukikitazama kutoka upande mmoja, na kuugeuza juu chini mara nyingi kunatosha.

3. Skrini ya wino wa kielektroniki, inchi 4.2

Kwa duka linalotazama jua, hakuna inayoishinda kusomeka. Ina pikseli 400 kwa 300, haina taa, na kadiri mwanga unavyozidi ndivyo inavyosomeka. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ni ghali kuliko ubao wa manjano, nayo bado inahitaji kidhibiti na mtu wa programu. Usiku umeme ukikatika nayo haisomeki.

Chukua ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Zenye nyekundu huchukua sekunde 15 hivi kubadilisha picha, huku zikimetameta. Jambo la kuangalia sana ni kwamba picha hubaki hata umeme usipokuwepo. Mtandao ukikatika Jumanne, Ijumaa utakuwa bado unaitazama Jumanne ukidhani ni leo. Agiza tarehe na saa ya data iandikwe kwenye kona, kubwa ya kutosha kusomeka, na picha nzima ifutwe na kuchorwa upya angalau mara moja kwa siku ili mabaki ya picha ya jana yasijikusanye.

4. Kishikwambi cha inchi 8

Kinafanya yote ya simu kwa ukubwa zaidi. Kama unacho tayari, kitumie. Kukinunua kwa kazi hii peke yake ni kulipia kioo ambacho mita 2 za kaunta hazikihitaji.

5. OLED ya inchi 0.96

Inafaa kubandikwa kando ya droo ya pesa, sentimita 50 kutoka usoni, ionyeshe namba moja na mshale. Usiipe chati.

Ramadhani na Idi

Skrini yoyote utakayochukua, usiiwekee mstari wa "mwaka jana tarehe kama hii". Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo wiki ya manunuzi ya Idi ya mwaka huu itapimwa na wiki isiyo ya manunuzi ya Idi ya mwaka jana, na baadaye kidogo kinyume chake. Ukitaka kulinganisha, hesabu siku kutoka Idi: siku ya kumi kabla ya Idi hii na siku ya kumi kabla ya Idi iliyopita.

Na kioo kielekee ndani. Namba kubwa ya kusomeka mita 3 inasomeka pia na aliyesimama upande wa pili wa kaunta.