Kumfundisha mwanagenzi kupachika mkono wa shati: ukiwa wazi au ukiwa umefungwa?

Hapa Mtwara, mafundi wengi hufunga mbavu za shati kwanza, wakashona mkono uwe bomba, kisha wakaupachika kwa kuuzungusha kwapani. Njia hiyo ni nzuri kwa mkono wenye kichwa kirefu, yaani ile sehemu ya juu iliyopinda inayoungwa begani, au mteja akitaka kujaribu kiwiliwili kwanza. Lakini kwa mwanagenzi ni ngumu: anashona duara dogo juu ya meza bapa ya cherehani, na kitambaa cha chini kinajikunja bila yeye kukiona.

Shati la kawaida lina kichwa kifupi, kwa hiyo mimi ningemwanzishia njia ya wazi. Aunge mabega, atandaze shati, aweke pini katikati ya kichwa kwenye mshono wa bega, na kwenye ncha zote mbili za kwapa. Ashone, apige pasi, ndipo afunge mkono na ubavu kwa mshono mmoja, akianza kubana pini pale kwapani ili mishono ikutane.

Kabla ya yote apime kwa futi tundu la mkono kwenye kiwiliwili na mpindo wa kichwa, akifuata mstari wa kushonea, si ukingoni. Tundu likiwa sentimita 50 na kichwa 51, ile moja itamezwa taratibu karibu na bega. Kichwa kikiwa 54, makunyanzi yatatokea kwa njia yoyote ile. Arudi kwenye chaki apunguze kichwa. Asivute kitambaa kulazimisha.

Mbele akate alama moja, nyuma mbili, asije akapata mikono miwili ya kushoto.