Uzoefu wangu: ukaguzi wa akaunti ya Instagram iliyokwama

Ninashona na kuuza magauni ya vitenge Mwanza. Akaunti yangu ya biashara ilikuwa na wafuasi zaidi ya elfu nne, lakini video mpya ya gauni ilitazamwa na watu wachache mno na hakuna aliyeuliza bei, hivyo nikamlipa mshauri wa masoko wa kujitegemea aikague.

Kabla ya kugusa video yoyote, alifungua Account Status kwenye mipangilio ili kuona kama kuna chapisho lililozuiwa kupendekezwa kwa wasionifuata. Hakukuwa na kizuizi, na dhana kwamba nimefungiwa, ambayo mafundi wengi tunaishikilia, ikaondoka mapema.

Kisha aliingia katika Insights, yaani takwimu za kila video, na kunionyesha mchoro unaoeleza ni watazamaji wangapi wamebaki kadiri sekunde zinavyokwenda. Katika video za magauni mstari uliporomoka kabla ya sekunde ya tatu, kwa sababu zilianza na nembo na salamu, na gauni lenyewe lilitokea baadaye. Video za kukata mikono na kola, ambazo nilizirusha kwa kuwasaidia wenzangu, ziliwashika watu hadi mwisho na zilihifadhiwa sana.

Hapo ndipo ukaguzi ulipostahili fedha yangu. Orodha ya miji ya wafuasi ilianza na Nairobi na Dar es Salaam, na Mwanza ilikuwa chini kabisa. Insights hazisemi mfuasi anafanya kazi gani, kwa hiyo mshauri alisoma maoni moja baada ya jingine, akakuta watu wanauliza niache sentimita ngapi za mshono na nitumie sindano namba ngapi. Wafuasi wangu walikuwa mafundi wenzangu. Nilipoweka gauni la kuuza, wao walikuwa miongoni mwa watazamaji wa kwanza, wakalipita, na Instagram haikuwa na sababu ya kulipeleka mbali zaidi.

Alinipa njia mbili: kuwauzia mafundi hao mafunzo ya ukataji, au kuzungumza na wanawake wa Mwanza kwa video inayoanza na gauni limevaliwa, bei na jina la mtaa vikiwa vimeandikwa tangu sekunde ya kwanza. Alikataza kuchanganya yote mawili katika akaunti moja, na ninaamini alikuwa sahihi. Nilichagua magauni.

Kasoro ya huduma ni kwamba ripoti ilitumia kurasa nyingi kwa hashitegi, huku ikikaa kimya kuhusu namna ya kupima maendeleo. Ilibidi nimuulize, ndipo akanieleza nifuatilie sehemu ya watazamaji walioko Mwanza na ujumbe wa kuuliza bei, wala nisihangaike na idadi ya waliopenda. Kama alivyotahadharisha, utazamaji ulishuka kwanza, kwa kuwa mafundi waliendelea kunipita; ujumbe wa bei, hata hivyo, umeanza kuingia kutoka Nyamagana na Ilemela, hapa hapa Mwanza.