Kabla hujanunua kitabu cha gitaa, kagua besi

Mwezi uliopita nilinunua kitabu cha gitaa la klasiki kilichofungwa nailoni, na muuzaji akakataa nisikifungue. Kufika nyumbani, ni tabo tupu: mistari sita na namba, basi. (Tukiiita tabu tutachekwa, ingawa siku ile jina lingefaa.)

Nikafungua "Romance", kile kipande cha Kihispania ambacho karibu kila mwanafunzi wa gitaa hukutana nacho. Bari ya kwanza ni hii:

```
e|-7-----7-----7-----|
B|---0-----0-----0---|
G|-----0-----0-----0-|
D|-------------------|
A|-------------------|
E|-0-----------------|
```

Mstari wa juu ni uzi mwembamba. 7 ni freti ya saba, 0 ni uzi usiobonyezwa. Hata asiyejua noti anaona kidole kiende wapi, na hapo tabo haina mpinzani. Lakini itazame ile 0 ya chini. Ni besi, na inatakiwa ivume bari nzima, mapigo matatu, huku juu yake zikipita noti tisa, tatu kwa kila pigo. Tabo hii haikusema hata moja kati ya hayo. Mpwa wangu alizipiga zote tisa kwa uzito uleule, wimbo ukapotelea ndani ya mapambo yake.

Kwenye noti, besi ina mkia unaoshuka na nukta ya kurefusha, na wimbo una mikia inayopanda. Unaona sauti mbili kabla hujagusa gitaa.

Noti nazo zina lao. Noti ya kwanza ya wimbo, iitwayo si, inapatikana freti ya saba ya uzi wa kwanza, na pia freti ya 12 ya uzi wa pili. Ukichagua ya pili, umeukalia uzi uleule unaotakiwa ulie mtupu. Kitabu kizuri huweka namba ya uzi ndani ya kiduara. Kibovu kinakuacha ubahatishe.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni noti juu, tabo chini yake, na sifichi kwamba napenda matoleo ya Hal Leonard yaliyopangwa hivyo. Namba mbili ni noti zenye viduara. Namba tatu ni tabo yenye mikia ya muda. Tabo tupu kama hiyo hapo juu, na zile za bure za mtandaoni, zinafaa kwa wimbo ambao tayari unao masikioni.

Kinachoniudhi ni majalada. Yanaandika "gitaa" kwa herufi kubwa, lakini ndani kuna nini hayasemi. Nilipokirudisha kile changu, muuzaji alikipindua mara mbili, akaniuliza, "Sasa dada, kwani hiki si cha gitaa?"