Damu ya mzee chini ya ushungi: saluni ile imenikera, lakini…

"Si unafunika dada, kwani nani ataona?"

Hilo ndo jibu nililopewa na msusi wa saluni moja Kariakoo, sitaitaja, nilipomuuliza kama rangi ya damu ya mzee itadumu kwenye kichwa kinachoshinda ndani ya ushungi toka alfajiri mpaka jioni. Nani ataona? Mume wangu ataona, wifi zangu wataona kwenye kichen pati, na mimi mwenyewe nitaona nikijivua ushungi mbele ya kioo changu. Eti kwa sababu nafunika basi nipakwe chochote!

Akanipiga blichi mpaka nywele zikawa za chungwa, juu yake akapaka rangi nyekundu ya kopo, ile isiyochanganywa na kitu. Sisemi uongo, ilipendeza jamani, wiki ya kwanza nilikuwa natafuta sababu ya kufungia mlango nivue ushungi nijitazame.

Sasa siku hiyo joto la Dar mnalijua, daladala imejaa, nimevaa kofia nyeupe ya ndani ya pamba inayobana, mama mmoja akanishika bega akaninong'oneza, "Mwanangu, unatoka damu." Kupangusa paji la uso, leso nyekundu! Mstari mzima wa lastiki ulikuwa pinki, na shingoni jasho limeshuka mpaka kwenye kola. Nilishuka kituo ambacho si changu.

Na ukivua ndo unaona maajabu. Utosini rangi ipo vilevile, lakini mbele, juu ya masikio na kisogoni, yaani kote kofia inakobana, imerudi chungwa iliyopauka. Kichwa kina duara kama mtu alivaa sufuria.

Nikarudi pale kugombana. Yule wa kwanza hayupo (bahati yake), nikamkuta binti mdogo ananiambia dada kaa kwanza. Akalowesha kona ya taulo jeupe, akabana nayo fungu la nywele, akalivuta taratibu mara tatu. Taulo pinki. Akasema rangi hii imekaa juu juu tu, na blichi imeacha nywele wazi wazi, kwa hiyo kila jasho likilowesha na kofia ikisugua, inatoka. Akasema kwa anayefunika swali siyo rangi ipi inapendeza leo, swali ni ikipauka itakuwa rangi gani. Nyekundu juu ya blichi ikitoka inakuacha na chungwa, kahawia iliyo karibu na nywele zako ikipungua hakuna anayegundua.

Akanionyesha maboksi. Namba ya mwanzo ndo ukolezi, 1 ni nyeusi tii, 10 ni blondi kabisa, na nywele zetu wengi ziko kwenye 1 au 2. Namba baada ya nukta ndo mwelekeo wa rangi, na hizo kila kampuni ina zake. Akasema usiruke zaidi ya hatua mbili, tukachagua chokoleti, namba 4, ya kuchanganywa na krimu ya namba 20, bila blichi. Nikasema basi paka, akakataa! Akanipaka tone nyuma ya sikio, akaniambia nirudi baada ya siku mbili kama hapawashi. Yule wa kwanza hata hakuuliza.

Niliporudi akapaka, akasema wekundu uliobaki unasaidia, maana kahawia ikipakwa kwenye blichi tupu inaweza kugeuka kijani kijani. Ila akanionya kwamba sehemu zile zilizopigwa blichi zitapauka mapema kuliko mizizi, na kweli zimeanza, kidogo.

Haya, na mimi nina makosa yangu, sawa. Ile ya kwanza niliiosha kesho yake kwa maji ya moto, nikafunga nywele mbichi nikavaa kofia nikaondoka, ofisini nikashinda nazo zimelowa. Sasa nakaa siku tatu kabla ya kuosha, nakausha kabisa ndo nafunga, na kofia nimehamia satini isiyobana. Satini inateleza, inaniudhi, nabana pini kila saa, lakini foronya yangu imerudi kuwa nyeupe.

Kwa hiyo saluni ile msiende. Yaani, mkienda mtafuteni yule binti wa kiti cha mwisho karibu na dirisha, mimi mwenyewe mwezi ujao narudi kwake. Chokoleti hiyo ndani ya nyumba haionekani kabisa, mume wangu aliniuliza mbona hukupaka, mpaka nilipotoka uani juani ndo akaona. Na damu ya mzee ile, ya wiki ya kwanza, Wallahi bado naiota.